Mama Consolate, Ndoo Yake, na Karatasi ya Rugby

Kule Kalemie, mtu akitaka kupigana mpaka amalize, aulize kwanza Mama Consolate yuko wapi. Akiambiwa yuko Nyemba kwenye msiba, sawa, akunje mikono ya shati aanze. Akiambiwa yuko hapa mjini, afadhali wapatane tu, maana hawatafika mbali. Mama huyu hupokea habari za ugomvi kwa miguu. Ngumi ya kwanza ikirushwa bandarini, yeye akiwa juu kilimani anageuza bitumbura, yale maandazi yake ya kuuza, kwenye mafuta, nyayo zinamwasha. Ngumi ya pili haijatua, keshafika na ndoo ya maji.

Maji ndiyo dawa yake. Huwa haulizi nani alianza. Anamwaga kwanza, halafu wakiwa wanatweta na nguo zimewagandia, ndiyo anauliza, "Haya, mulikuwa munasema nini?" Kwa kawaida hakuna anayekumbuka. Amewaamua walevi, wake wenza na wachukuzi wa mizigo. Mwenyewe husema aliwahi kuwaamua kiboko na mvuvi pale mto Lukuga unapotokea ziwani, na kwamba kiboko ndiye aliyeomba msamaha kwanza. Ukimwuliza huyo mvuvi yuko wapi, atakujibu amehamia Kigoma kwa aibu.

Shule hakuingia. Anasema alifika mlangoni siku moja, mwalimu akamwona, akaogopa, akafunga. Lakini alimsomesha mjukuu wake Falone kwa bitumbura, muhula kwa muhula, hadi msichana akamaliza sekondari akiwa na mabega mapana kama mlango wa kanisa. Na mabega hayo ndiyo yaliyoleta maneno.

Kijana mmoja, Michée, mwalimu wa michezo, alikusanya wasichana wa mji akawafundisha rugby. Padri Adalbert akawapa uwanja wa parokia, ule wa juu, unaotazama ziwa. Milingoti ikaja kwa mashua kupitia Moba, mikaratusi minne mirefu kutoka baridi ya Kirungu, ikasimamishwa miwili huku, miwili kule, kila jozi ikafungiwa mti wa kulala katikati. Watu walipita wakauliza ni nani huyo anajenga nyumba nyembamba hivyo.

Jumapili ya mechi ya kwanza, wasichana wa Moba walishuka mashuani wakiimba. Mama Consolate alikwenda akakaa mahali pake, nyuma ya goli, pale alipouza bitumbura mechi zote za mpira wa miguu kwa miaka ishirini. Akaweka sufuria, akaweka ndoo ya maji ya kunawia mikono, akaketi kwenye kigoda chake kama gavana.

Dakika ya sita, refa akapuliza filimbi. Wasichana wanane wa Kalemie wakashikana mabega wakainama. Wanane wa Moba nao wakainama. Vichwa vikaingia kati ya vichwa, na wote kumi na sita wakaanza kusukumana huku wakiguna. Katikati kabisa, mstari wa mbele, shingo yake imebanwa huku na huku, alikuwa Falone.

Nyayo za Mama Consolate ziliwaka moto.

"Wamama!" alipiga kelele. "Batoto banauana na huyu papa wa filimbi anaangalia tu!"

Alifika wa kwanza. Ndoo nzima ikawaangukia mgongoni. Nyuma yake wakaja wamama wengine arobaini, na Rosine muuza ndagala akiwa na beseni, lile beseni ambalo saa moja kabla lilikuwa na samaki. Mchezaji namba mbili wa Moba akatolewa kwa kuvutwa miguu. Refa alioshwa uso bila kuomba. Mechi ikafia hapo, na wageni wakarudi Moba wakinuka ndagala njia nzima.

Jioni ile Padri Adalbert, mtu mnyamavu anayependa mambo yanyooke, alimwita Michée.

"Nitawapa uwanja mara moja tu tena," alisema. "Muntu mmoja akiingia, hata mmoja, basi. Milingoti inakuwa kuni za jiko la masista."

Falone hakumlaumu bibi yake. Alikaa tu kwenye kizingiti akikamua jezi, na huko kukamua ndiko kulikomuumiza Mama Consolate kuliko matusi. Msichana huyu hakuwahi kuomba kitu. Hata viatu vipya hakuviomba. Kitu cha kwanza kukipenda kwa moyo wake wote, nkambo yake amekimwagia maji.

"Ile haikuwa vita, Nkambo," alisema.

"Nilikuona shingo."

"Kule kusukumana ni mele. Ile njo mchezo wenyewe."

"Mchezo wa kunyongana?"

Falone akacheka kidogo, na Mama Consolate akashukuru Mungu kwa kicheko kile, hata kama kilikuwa chembamba.

Wiki mbili kabla ya marudiano, Michée alikuja na karatasi. Alikuwa na wazo: kila mtazamaji apewe maandishi mlangoni ya kueleza mchezo. Na akataka kuyajaribu kwanza kwa Mama Consolate.

"Kwa nini mimi, Mwalimu?"

"Kwa sababu Mama ukielewa, hakuna atakayeshindwa."

"Asante kwa kunitukana vizuri," alisema Mama Consolate, akamsogezea kigoda. "Soma."

Zilikuwa kurasa tatu. Michée alianza na ng'ambo, jinsi mchezo ulivyozaliwa. Akapita kwenye maadili. Akaeleza nidhamu, mshikamano na heshima. Ukurasa wa pili ulipoanza, bitumbura vilikuwa vimeungua upande mmoja. Ulipokaribia kwisha, vilikuwa vimeungua pande zote, na mbuzi wa jirani alikuwa amelala.

"Simama hapo," alisema Mama Consolate. "Tangu umeanza kusoma nimezeeka miaka minne. Hiyo vita iko wapi?"

"Mele? Iko ukurasa wa tatu."

"Ukurasa wa tatu! Mwalimu, mimi nikifika huko wa tatu, maji nimeshamwaga zamani. Anza na mele."

Michée akashika kichwa. Falone akachukua kalamu.

"Haya, nielezeni," akasema Mama Consolate. "Kwa nini wanashikana?"

"Mtu akifanya kosa dogo," Falone akasema. "Kwa mfano, mpira umemponyoka mikononi ukaangukia mbele. Au amemrushia mwenzake aliye mbele yake. Mpira wa mkono unapitishwa nyuma ama kando, mbele hapana. Ukitaka kwenda mbele, ukimbie nao ama uupige kwa mguu."

"Kumbe mtu anakimbia mbele na kugawa nyuma. Kama sisi tukishusha mizigo ya mashua. Endelea."

"Basi mchezo unaanzishwa upya kwa mele. Wanane kwa wanane. Wanasukumana, mmoja anaingiza mpira katikati. Mimi niko katikati ya mstari wa mbele, kazi yangu kuuvuta nyuma kwa mguu. Ukitokea nyuma, tunaendelea."

Mama Consolate alinyamaza, na kwake kunyamaza ni jambo la kuandikwa kwenye kalenda. Kisha macho yakamng'aa.

"Ni kama lori letu la njia ya Nyemba! Lilikwama kwenye tope, sisi tukashuka kusukuma. Nusu tukasukuma kutoka nyuma, nusu kutoka mbele, na hakuna aliyejua. Siku tatu! Lori likawa jembamba. Tulipogundua, watu wa mbele walikuwa na nguvu zaidi, tukarudi tulikotoka." Akampiga Falone pajani. "Andika hivyo. Mele ni kama kusukuma lori pande mbili, mwenye nguvu analipeleka. Watu wote wa hapa wamesukuma lori."

Michée alitaka kusema kitu juu ya maneno ya kitaalamu. Akaangalia bitumbura vilivyoungua, akaacha.

Wakafika kwenye pointi. Falone alieleza kwamba ukiuleta mpira mpaka nyuma ya mstari wa goli la wenzako ukaugusisha chini kwa mkono, hiyo ni ese, pointi tano. Halafu timu yako inapewa mkwaju mmoja wa ziada, unaitwa transformasio. Mpira ukipita katikati ya milingoti, juu ya mti wa kulala, unaongeza mbili.

"Mkwaju unapigiwa wapi?"

"Usawa na pale mpira ulipogusa chini. Anaweza kurudi nyuma anavyotaka, lakini kuhamia katikati hapana. Kama uliugusisha pembeni, unapiga kutoka pembeni, na ni vigumu."

"Kwa hiyo mwenye akili anakimbilia katikati."

"Wakimwachia."

"Na akikosa mkwaju, zile tano zinafutwa?"

"Hapana. Tano ni zake."

"Hilo uliandike kwa kalamu nene, maana watu wa hapa wataanza kubishana. Na hii nyuma ya mstari unayosema, ambako mnagusisha mpira, ni wapi hasa?"

Falone na Michée wakatazamana. Falone ndiye aliyepewa mzigo wa kujibu.

"Ni pale nyuma ya milingoti, Nkambo. Pale... penye kigoda chako."

Mama Consolate aliweka mwiko chini.

Miaka ishirini! Pale ndipo alipomzuia marehemu mume wake asiende kumpiga refa, na pale kigoda kimechimba mashimo matatu ambayo hata mvua haikuyafuta. Kwenye mpira wa miguu nyuma ya goli ni mahali pa watu wenye heshima na wenye njaa. Sasa anaambiwa ni katikati ya mchezo!

"Kama mutu akikaa pale," aliuliza polepole, "amehesabiwa ameingia uwanjani?"

"Ndiyo, Mama," alisema Michée. "Na Padri ataona."

Aliokota mwiko, akauweka tena chini. Kisha akasema, "Andika. Nyuma ya milingoti si pa kukaa. Hata ukiwa na sufuria." Na akageuza uso upande wa moshi, akasema moshi unamwingia machoni.

Kurasa tatu za Michée zikawa robo ya karatasi. Biro, yaani ofisi ya fotokopi, ikatoa nakala mia sita, zikakatwa kwa mkasi. Mistari ilikuwa hii:

1. Mele si vita. Ni kama kusukuma lori pande mbili. Usilete maji.
2. Mpira wa mkono unapitishwa nyuma au kando. Ukiponyoka ukaangukia mbele, ni mele.
3. Ese: kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli. Pointi 5. Baadaye mkwaju wa transformasio, usawa na pale ulipogusa: ukipita kati ya milingoti juu ya mti wa kulala, pointi 2. Ukikosa, tano zinabaki.
4. Usiingie uwanjani, hata kwa furaha. Nyuma ya milingoti nako ni uwanjani, hata ukiwa na sufuria.
5. Penalti ya kupiga milingotini: pointi 3. Mkwaju wa kudundisha mpira chini na kuupiga hapo hapo, mchezo ukiendelea: 3.

Mama Consolate alikaririshwa yote kwa usiku mmoja. Jumapili ya marudiano alijiweka mlangoni, anagawa kwa mkono wa kulia na kukagua ndoo kwa mkono wa kushoto. Karatasi alikuwa anaishika juu chini, lakini aliyethubutu kumwambia alisomewa mistari yote mitano bila kituo mpaka akaomba kupita.

"Rosine," alisema, "hilo beseni?"

"Tupu, Mama Conso. Ni la kukalia."

"Basi likalie."

Kamba ilikuwa imezungushwa uwanja mzima. Mama Consolate akaweka kigoda nje ya kamba, pembeni, akiyatazama kwa mbali mashimo yake matatu. Padri Adalbert alisimama karibu naye, mikono nyuma, karatasi ameikunja mfukoni bila kuisoma. Yeye, mtu aliyesoma Roma, hawezi kufundishwa na robo ya karatasi.

Moba walianza. Msichana mwembamba kama ufito aliponyoka, akagusisha mpira chini katikati ya milingoti. Mkwaju ukapita.

"Saba!" akalia Papa mmoja nyuma. "Wameingia mara moja, saba zimetoka wapi? Wizi!"

"Tano za ese, mbili za mkwaju," alisema Mama Consolate bila kugeuka. "Namba tatu. Wewe karatasi yako umeifanyia nini?"

"Nimefungia karanga."

"Basi kula, usome, unyamaze."

Kalemie wakajibu, ese na mkwaju, saba kwa saba, na mji mzima ukacheza nje ya kamba. Kipindi cha pili Moba wakapata ese nyingine kwenye kona, mkwaju ukapeperushwa na upepo wa ziwa. Kumi na mbili kwa saba. Mele zilipita nane, kumi, na kila moja ilipoanza wamama walimtazama Mama Consolate, naye akaguna tu, "Lori."

Dakika zilikuwa zimebaki mbili hivi. Mtu wa Moba akaponyokwa na mpira mbele, karibu kabisa na mstari wao. Mele, mpira wa Kalemie. Wasichana wakafungana. Falone akaingiza kichwa. Wakasukumana, na ghafla lile rundo lote likaporomoka. Watu kumi na sita chini, na chini kabisa, mguu mmoja wenye soksi ya njano iliyotiwa kiraka cha buluu. Kiraka kile Mama Consolate alikishona mwenyewe.

Nyayo zikawaka. Rosine alikuwa keshasimama, beseni mkononi, na huyu mwongo alikuwa amelijaza maji kutoka kwenye bomba la masista. Nyuma yao wamama arobaini wakakunja vitenge. Wote macho kwake. Wakati huo angesema neno moja tu, uwanja ungejaa.

Na Padri alikuwa anamtazama.

Wanasema Mama Consolate alimwamua kiboko. Mimi nasema kiboko alikuwa kazi nyepesi. Alimpokonya Rosine beseni, akaliweka chini, akalikalia. Na maji yake ndani.

"Ni lori," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba kama uzi. "Refa anaona. Lori limekwama, wanaanza tena. Kaa chini, Rosine."

"Mama Conso, umeloa."

"Kaa chini."

Refa alishapuliza filimbi. Rundo likafunguka, msichana mmoja mmoja, wa mwisho Falone, udongo mpaka kwenye meno. Akageuka upande wa kamba. Akamwona bibi yake ameketi ndani ya maji, ameshika kingo za beseni kama mtu anayevuka ziwa. Akatabasamu kwa meno yale ya udongo, akarudi kuinama.

Mele ikarudiwa. Mpira ukaingizwa, mguu wa kiraka ukauvuta nyuma, na yule msichana wa mwisho wa mele, mnene mwenye haraka, akauokota akaruka nao. Akautandika chini, kwenye kona, ndani ya mstari kwa upana wa kitumbura.

Ese! Kumi na mbili kwa kumi na mbili!

Kelele zile, wavuvi waliokuwa katikati ya ziwa walizisikia wakatupa nyavu. Kamba ikatikisika. Wamama wakaruka juu, wakashuka pale pale walipokuwa. Hakuna hata mguu mmoja uliovuka. Isipokuwa miwili.

Miguu hiyo ilikuwa ndani ya soksi nyeusi, chini ya kanzu nyeupe iliyopandishwa hadi magotini. Padri Adalbert alikuwa anakimbia. Alikata uwanja, mikono juu, akawafikia wasichana waliokuwa wamekimbilia nyuma ya milingoti, akawa anawakumbatia wawili wawili, na refa amesimama na mpira, anangoja mkwaju, hajui amfukuze vipi mwenye uwanja.

Mama Consolate aliinuka kutoka kwenye beseni. Maji yalimtiririka nyuma. Hakuvuka kamba. Aliweka viganja kinywani.

"Padri! Namba nne!"

Rosine akadaka. "Namba nne, Padri!"

Mji mzima ukapokea, kwa makofi, kama kwenye misa. "Na-mba nne! Na-mba nne!"

Padri Adalbert akasimama. Akaingiza mkono mfukoni, akakunjua karatasi, akaisoma kwa mara ya kwanza. Akaiangalia mistari, akaiangalia miguu yake, akaiona iko katikati ya yale mashimo matatu ya kigoda. Akashusha kanzu. Akatoka polepole kwa kandokando, uso umemwiva kama pilipili, na watu wakampigia makofi njia nzima.

Sasa mkwaju. Mpigaji alikuwa Falone mwenyewe. Kona ni kona: alirudi nyuma hatua nyingi, usawa na pale mpira ulipogusa, na kutoka pale milingoti ilionekana kama imeshikana. Papa wa karanga akaanza, "Kwa nini haendi katika..." Watu sita wakamjibu kwa pamoja, na akala karanga.

Falone akapiga. Mpira ukaondoka vizuri, upepo ukaufikiria, ukaugonga mti wa karatusi, ko! na kurudi chini. Filimbi ya mwisho.

"Basi tumeshindwa?" akauliza Rosine.

"Tumetoka sawa. Tano zinabaki," alisema Mama Consolate. "Kwa kalamu nene."

Padri alirudi mahali pake karibu na kigoda. Michée alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa pili, akasimama hatua tatu nyuma akisubiri hukumu.

"Padri," alisema Mama Consolate kwa upole wote aliojaliwa, huku akikamua kitenge chake, "ulisema muntu mmoja akiingia, hata mmoja. Mimi sijasoma. Naomba unisaidie kuhesabu. Leo wameingia wangapi?"

Padri Adalbert akatazama ziwa. Akatazama milingoti. Akakohoa.

"Masista," alisema, "wana kuni za kutosha."

Michée akaruka. Falone akaja, akamkumbatia bibi yake, akashtuka, akamwachia.

"Nkambo, mbona umeloana hivi?"

"Jasho," alisema Mama Consolate. "Kusukuma lori si mchezo."